Deni la 2015 lina karatasi na saini, kwa nini naambiwa limepitwa na muda?

Kalamu_Nyeusi ameandika:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wenye kujua mambo ya mahakama.

Machi 2015 nilimkopesha rafiki yangu fedha. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari: kiasi, majina yetu, mashahidi wawili, na kwamba atarudisha zote ifikapo tarehe 31 Desemba 2015. Alisaini mbele yangu. Desemba ikapita bila kitu. Nikawa namkumbusha kwa upole, na tarehe 14 Juni 2018 akaniwekea benki theluthi ya deni. Baada ya hapo ni ahadi tu, mwaka baada ya mwaka, na mimi nikaona si vizuri kumburuza mahakamani mtu tunayesalimiana.

Mwezi uliopita nilimwandikia kwamba sasa nitafungua kesi. Akanijibu: "Nenda. Sheria yetu ni miaka 6, na sasa tuko 2025. Deni lilishakufa." Hakatai kwamba alikopa! Karatasi ninayo, saini yake inasomeka vizuri. Inakuwaje miaka peke yake ifute deni ambalo mdaiwa mwenyewe analijua?

Nguzo:

Pole sana ndugu, ila jamaa yako yuko sahihi. Hesabu yenyewe ni rahisi: Machi 2015 ukijumlisha miaka 6 unapata Machi 2021. Sheria ya ukomo haiangalii karatasi wala saini. Usipoteze ada ya mahakama.

Wakili_Mkongwe:

Nguzo, miaka 6 ni kweli kwa madai ya mkataba katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwemo Tanzania na Kenya. Lakini umeanzia kuhesabu mahali pasipo penyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapojikata.

Muda hauanzi siku fedha zilipotolewa. Unaanza siku mdai alipopata haki ya kushtaki. Machi 2015 Kalamu asingeweza kumshtaki mtu yeyote, maana rafiki yake alikuwa bado ndani ya muda waliokubaliana. Kosa lilitokea 31 Desemba 2015 ilipopita bila malipo. Kwa hiyo saa ilianza kugonga Januari 2016, na miaka 6 ingeisha mwanzoni mwa Januari 2022.

Halafu kuna yale malipo ya 14 Juni 2018. Mdaiwa anapolipa sehemu ya deni kabla muda haujaisha, sheria inachukulia kwamba amekiri deni lote, na miaka inaanza kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo mpaka wako ulisogea hadi Juni 2024. Bado umechelewa, lakini kwa mwaka mmoja na kitu tu, si kwa miaka minne kama Nguzo alivyosema. Naomba uniambie: kati ya Juni 2018 na Juni 2024, aliwahi kukuandikia chochote kinachotaja deni? Nasema kuandika. Aliyokwambia kwa mdomo tuyaweke pembeni kwanza.

Chausiku77:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina shamba la marehemu baba ambalo baba mdogo analilima kwa miaka 15 sasa. Aliombwa alitunze tu. Na mimi nimeshapitwa na miaka 6?

Wakili_Mkongwe:

Chausiku, ardhi ina hesabu yake. Tanzania na Kenya ni miaka 12, na si kila aliyekaa miaka 12 anakuwa mwenye mali. Aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye shamba hahesabiwi kama mvamizi maadamu ruhusa ile bado ipo. Swali kubwa kwako ni lini alianza kulishika kama lake huku akiwakatalia ninyi. Fungua uzi wako, tusichanganye na deni.

Mwana_wa_Haki:

Mimi sheria hii sijawahi kuikubali. Yaani dhuluma ukiivumilia miaka sita inageuka kuwa haki? Mwenye subira ndiye anayeadhibiwa, na aliyepiga chenga ndiye anayelindwa. Kalamu alikuwa mstaarabu, basi kosa lake ni ustaarabu?

Mzee_wa_Masijala:

Mwanangu Mwana_wa_Haki, uchungu wako nauelewa. Nimefanya kazi masijala miaka mingi, nimepokea mafaili kwa mikono hii. Hebu nikueleze nilichokiona.

Alikuja mdai na bahasha nene ya deni la zamani sana. Mdaiwa alikuwa ameshafariki, wakashtakiwa watoto wake kama wasimamizi wa mirathi. Wale watoto walisema baba aliwahi kuwaambia kwamba alilipa na akapewa risiti. Risiti wakaileta kweli, imekunjwa mara nne, ni ile karatasi laini ya mashine. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha: nyeupe tupu. Wino wote ulikuwa umepotea, imebaki alama ya mkunjo tu. Shahidi mmoja alishakufa, wa pili hakumbuki hata kama alikuwepo. Sasa niambie, hakimu angejuaje nani mkweli? Mdai alikuwa na karatasi yake kwa sababu anayedai huitunza. Aliyelipa hana sababu ya kutunza risiti miaka ishirini.

Ndiyo maana kuna ukomo. Mahakama haisemi kwamba dhuluma imekuwa haki. Inasema: baada ya muda huu siwezi tena kupima kwa usawa, na siwezi kumtaka mtu aishi maisha yote akilinda kila karatasi.

Mwana_wa_Haki:

Shikamoo mzee. Hiyo ya risiti nimeielewa. Lakini kesi ya Kalamu haina utata huo, mdaiwa mwenyewe anakiri kwamba hajalipa. Hapo ushahidi uliopotea ni upi?

Wakili_Mkongwe:

Hoja yako ni nzito, na sina jibu la kukuridhisha. Kanuni imewekwa kwa ajili ya kesi zote, kwa hiyo inamkamata hata yule ambaye ushahidi wake uko salama. Ila nikurekebishe neno moja, kwako na kwa Kalamu: kwa madeni, ukomo kwa kawaida hauui deni, unafunga mlango wa mahakama. Rafiki yake akiamua kulipa kesho, hawezi kurudi keshokutwa kudai arudishiwe eti lilikuwa limepitwa na muda. Deni lipo, kilichoondoka ni uwezo wa kumlazimisha.

Na nchi hazifanani. Ujerumani muda wa kawaida ni miaka 3 tu, Ufaransa ni 5. Uingereza na Ujerumani mdaiwa asipoliibua suala la muda yeye mwenyewe, kesi inaendelea kusikilizwa. Tanzania, shauri lililopitwa na muda linatupiliwa mbali hata kama mdaiwa hakutamka neno.

Kalamu_Nyeusi:

Asanteni sana. Wakili, nimepekua simu jana usiku. Nimekuta ujumbe wake wa Oktoba 2023, naunakili kama ulivyo: "Kaka lile deni la 2015 najua sijamaliza, nipe hadi mwakani nijipange." Halafu Agosti 2024 kuna mwingine: "Kama kuna kitu nadaiwa tutaongea tukionana."

Na kitu kingine: muda wote huo tulikuwa tunazungumza. Tulikaa vikao viwili mbele ya wazee. Barua ya madai pia nilimpelekea 2022. Hayo hayasimamishi muda?

Nguzo:

Vikao vinasimamisha bila shaka. Huwezi kumshtaki mtu huku mnasuluhishwa.

Wakili_Mkongwe:

Hapana Nguzo, na hili ndilo linalowaangusha watu wema kuliko jingine lolote. Ujerumani mazungumzo kati ya mdai na mdaiwa yanasimamisha muda, sheria yao inasema hivyo waziwazi. Katika nchi zetu hizi sivyo. Mnaweza kusuluhishwa hadi siku ya mwisho, saa inagonga tu. Barua ya madai nayo, hata ikiandikwa na wakili mwenye mhuri, haiongezi hata siku moja. Kinachozuia muda ni kufungua kesi, na kinachouanzisha upya ni kitendo cha mdaiwa, wala si cha mdai.

Sasa tuangalie ujumbe wako. Wa Agosti 2024 uweke kando. Umekuja baada ya Juni 2024, na isitoshe hausemi kwamba anadaiwa, unasema "kama". Wa Oktoba 2023 ndio roho ya kesi yako. Ulikuja miezi minane kabla ya mpaka, unataja deni lenyewe na mwaka wake, na unakiri kwamba halijaisha. Kuomba aongezewe muda hakuharibu kitu, kwa sababu mtu haombi muda wa kulipa asichodaiwa. Ukikubaliwa, miaka 6 inaanza upya pale, na unayo nafasi hadi Oktoba 2029.

Tatizo ni moja. Sheria hizi zinataka kukiri deni kuwe kwa maandishi na kusainiwa na mdaiwa au wakala wake. Ujumbe wa simu ni maandishi, hilo halinisumbui. Saini iko wapi? Wapo wanaosema namba yake na jina lake vinatosha kumtambulisha, wapo wanaotaka aandike jina lake kwa nia ya kuthibitisha. Mimi ningelipigania, lakini sikuahidi ushindi.

Mzee_wa_Masijala:

Nyongeza ya mtu wa masijala. Hati ya madai ikija imetaja tarehe ya 2015 peke yake, upande wa pili huweka pingamizi la awali siku ya kwanza kabisa. Nimeona hakimu akiuliza tarehe tatu tu, akahesabu, shauri likaondoka kabla karatasi ya mkopo haijaguswa. Kwa hiyo malipo ya Juni 2018 na ujumbe wa Oktoba 2023 viandikwe ndani ya hati yenyewe, tarehe kwa tarehe. Usingoje kuvieleza kwa mdomo.

Na usiufute huo ujumbe, wala usibadilishe simu ukauacha upotee. Picha ya skrini peke yake watu huibishia.

Chausiku77:

Je, akimwomba tu asaini karatasi mpya leo, si yanaisha?

Wakili_Mkongwe:

Akikubali kuandika mkataba mpya wa kulipa, huenda ukamsaidia, ingawa inategemea sheria ya mkataba ya nchi husika. Kukiri tu baada ya muda kuisha ni jambo jingine: Uingereza, kwa sheria yao ya 1980, deni lililokwisha kupitwa na muda halifufuki kwa kukiri. Lakini mtu aliyejibu "nenda" atasaini kweli?

Kalamu_Nyeusi:

Hawezi kusaini, namjua.

Nimerudia kupekua. Ule wa Oktoba 2023 haukuwa wa simu, ulikuja kwa barua pepe, mimi nikaunakili kwenye simu nikasahau. Barua pepe yenyewe bado ipo, na chini kabisa ameandika jina lake lote, mawili na la ukoo, kama tulivyoliandika kwenye karatasi ya 2015. Sijui kama aliliandika kwa mkono wake au linajiweka lenyewe kila anapotuma.

Wakili_Mkongwe:

Hapo umenibadilishia kesi. Tafuta barua pepe zake nyingine, uone kama jina hilo lipo katika zote au katika hiyo moja tu. Kisha peleka zote kwa wakili aliye karibu nawe.