Jina mwishoni mwa mstari au ufunguo pembeni?

Karani wa Soko: Kila mwezi nachora grafu ya bei za vyakula kwa ajili ya taarifa ya halmashauri. Bosi anataka jina liandikwe pale mstari unapoishia, ufunguo wa rangi utolewe. Mimi naona ufunguo ni nadhifu zaidi. Mnasemaje?

Mwalimu wa Jiografia: Usithubutu. Kwangu mwanafunzi asipoweka ufunguo namkata alama.

Mchora Grafu: Mwalimu, hiyo ni ya kusahihishia mtihani. Karani, mpe mtu grafu yako umwangalie macho. Anatazama mstari, anakwenda kwenye ufunguo, akirudi ameshasahau mchele ni wa buluu au wa zambarau. Na taarifa zenyewe si mnazitoa fotokopi nyeusi?

Binti wa Pwani: Ukichagua rangi zinazoachana vizuri, tatizo linaisha.

Mchora Grafu: Linapungua, kwenye skrini. Asiyetofautisha nyekundu na kijani bado umemwacha, na fotokopi haijui rangi.

Karani wa Soko: Nilijaribu jana. Mchele umeishia shilingi 2,800 na maharage 2,750, majina yakapandana, hayasomeki!

Mchora Grafu: Lazima yapandane. Kama grafu ina urefu wa sentimita 8 na kipimo kinatoka 0 hadi 4,000, shilingi 50 ni milimita 1 tu, na maandishi ya saizi 9 yanahitaji kama 3. Sogeza "Mchele" juu milimita 1.5 na "Maharage" chini vivyo hivyo. Yatakuwa mbali kwa 4. Mpangilio usiugeuze, wa juu abaki juu. Jina lipe rangi ya mstari wake, na kulia acha nafasi ya kutosha jina refu kuliko yote.

Fundi Eksel: Kuna mtego mwingine. Ukibandika lebo kwenye nukta ya Juni, ukiongeza Julai lebo inabaki Juni, katikati ya mstari. Mimi naweka safu ya ziada (A ni mwezi, B ni bei), naiongeza kwenye grafu kama mstari wa pili, halafu lebo yenye jina naiweka huko:

```
=IF(AND(A2<>"",A3=""),B2,NA())
```

Inaonyesha nukta ya mwezi wa mwisho tu, kwa hiyo jina linahama lenyewe. Hakikisha eneo la data la grafu limefika mpaka safu mlalo za miezi ijayo.

Binti wa Pwani: Haya, mimi nina wilaya 12, zote zinaishia pamoja. Nisogeze majina mpaka wapi?

Mchora Grafu: Mbili unazozizungumzia zipe rangi na jina, kumi zilizobaki ziwe kijivu.

Binti wa Pwani: Ukamwambie wewe mkuu wa wilaya kwamba wilaya yake ni kijivu.

Mwalimu wa Jiografia: Ndiyo maana nasema ufunguo.

Mchora Grafu: Ufunguo wa rangi 12, Mwalimu? Basi chora grafu ndogo 12, kila wilaya na yake.

Karani wa Soko: Mimi nina ukurasa mmoja tu.