Waliotazama wasifu, waliolaiki, waliokomenti: nani aandikiwe kwanza?

Msakatonge_B
Wakuu, habari zenu. Nauza huduma ya kuandaa mishahara kwa kampuni ndogo, wateja nawatafuta LinkedIn. Leo nina nafasi ya kuandika meseji mbili tu zenye kichwa na miguu, na watu ni wanne:

A: mhasibu mkuu, katazama wasifu wangu jana.
B: mmiliki wa kampuni, kalaiki posti zangu tatu wiki hii, ila wasifu hajaufungua.
C: afisa rasilimali watu, kakomenti: "Na vibarua wa siku mnawawekaje?"
D: meneja, kwenye kura yangu ya maoni kachagua "Tunatumia Excel".

Mngeanza na yupi?

Mzee_wa_Soko
B, bila kufikiri mara mbili. Laiki inaonekana na watu wote, mtu hawezi kuweka jina lake hadharani kwa jambo asilolijali. Na hizo ni tatu! Anayetazama wasifu anaweza kuwa amepita tu.

Bi_Takwimu
Mzee, kurudia ni dalili nzuri, hapo uko sawa. Lakini laiki ni kidole kimoja, sekunde moja, na wengine hulaiki kila kinachopita. Fungua wasifu wa B, shuka hadi sehemu ya Activity, uangalie laiki zake za wiki hii. Ukikuta zimetapakaa kwa kila mtu na kila mada, hizo zako tatu hazina uzito. Ukikuta anachagua, na alizochagua zinahusu mishahara, basi anapanda juu.

Mtoa mada, umesema B hajafungua wasifu wako. Hilo huwezi kulijua. Anayetembea kwa siri haonekani kwa jina kwenye orodha, na akaunti ya bure inakuonyesha wachache tu wa karibuni. Orodha inathibitisha aliyekuja, haithibitishi ambaye hakuja.

Kuhusu A, swali la kwanza: wewe ulimtembelea lini? Kama ulifungua wasifu wake juzi, huenda yeye kapata taarifa na amekuja kuona ni nani aliyemchungulia. Hiyo ni mwangwi wa hatua yako mwenyewe. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na daftari lenye safu tatu: jina, tarehe uliyomtazama, tarehe aliyokutazama. Ya kwake ikifuata yako ndani ya siku mbili tatu, ipunguzie uzito.

Msakatonge_B
Nimecheki. Nilimfungua A Jumatatu, naye kaja Jumanne. Duh.

Kijana_Ajira
Samahani kuingilia. Mimi natafuta kazi, na mwajiri mmoja katazama wasifu wangu mara mbili. Nimwandikie? Halafu mimi orodha yangu haionyeshi majina kabisa.

Bi_Takwimu
Kijana, majina hayaonekani pengine kwa sababu wewe mwenyewe umejificha. Kwenye akaunti ya bure, ukijificha unapotazama wengine, nawe huoni wanaokutazama. Nenda Settings & Privacy, kisha Visibility, kisha Profile viewing options, uchague kuonekana kwa jina. Mwajiri mwandikie kama ana nafasi iliyotangazwa inayokufaa, na utaje nafasi hiyo, usitaje kwamba umemwona akikutazama.

Turudi kwenye mada. C ndiye wa kwanza. Kauliza swali, na ndani ya swali kakuonyesha tatizo lake: ana vibarua, na hajui watakaaje kwenye mfumo. Mjibu kwanza palepale kwenye komenti, jibu kamili, ndipo umwandikie faragha. Ukikimbilia inboksi ukaacha swali likining'inia hadharani, wengine wenye swali hilohilo wanaona umemkwepa.

Wa pili ni D. Aliyeanzisha kura ya maoni huona nani kachagua nini, na jibu lake linakupa hali halisi ya ofisini kwake. Mwandikie mfano: "Asante kwa kura yako. Kwenye Excel, kinachowasumbua zaidi ni makato au ni kurekebisha mwezi uliopita?" Hapo kuna kitu cha kujibu.

Mzee_wa_Soko
Kwa D nakubali nusu. Aliyechagua Excel anaweza kuwa ameridhika nayo kabisa. Na C je, ana uamuzi wa kununua? Afisa anauliza, mmiliki ndiye analipa.

Bi_Takwimu
Ni kweli, kura haisemi kama mtu anaumia, ndiyo maana meseji inauliza badala ya kuuza. C anaweza asiwe na sahihi ya mwisho, lakini ndiye atakayekuambia nani anayo.

Msakatonge_B
Namjibu C sasa, D mchana. A nimsubiri arudi, au nimwandikie kesho?

Mzee_wa_Soko
Kesho. Hata kama kaja kwa udadisi, jina lako bado analikumbuka.

Bi_Takwimu
Mimi ningesubiri. Akirudi bila wewe kumgusa, au akigusa posti yako yoyote, hapo mwandikie siku hiyohiyo.