Kadi za picha, ubao, tableti au ishara kwa mtoto ambaye bado haongei?

MamaPili: Habari zenu wana jukwaa. Mwanangu ana usonji, ana miaka 4, bado hasemi. Akitaka kitu ananishika mkono na kunivuta hadi kabatini, nisipoelewa analia. Nimeambiwa nichague kati ya kadi za picha za kumkabidhi mtu, ubao wa picha wa kugusa kwa kidole, tableti inayotoa sauti na ishara za mikono. Naomba tofauti zake kutoka kwa waliozitumia. Na je, hazitamfanya mvivu wa kusema?

BabaWawili: Anza na ishara, mama. Mikono haisahauliki nyumbani wala haiishi chaji. Tableti iache kwanza, akizoea kubonyeza hatahangaika kutamka.

Tabibu_Matamshi: BabaWawili yuko sawa kuhusu chaji, lakini hilo la uvivu halina ushahidi. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2006 hayakukuta mtoto hata mmoja aliyepungukiwa usemi kwa sababu ya njia hizi, na wengi waliongeza kidogo. Ishara zinataka mtoto aweze kuiga vidole, na aliye mbele yake awe anazijua. Bibi asiyezijua ataona mikono tu.

MamaPili, mtoto anayevuta mkono tayari anajua kwamba mtu anaweza kumpatia kitu. Ninayempokea akiwa hivyo humwanzishia kadi, kwa sababu kadi inamlazimu amfuate mtu. Ubao anaweza kuugusa peke yake chumbani na asionwe na yeyote.

Mnahitaji watu wazima wawili. Wewe kaa mbele yake na kitu anachokipenda sana, tuseme chupa ya mapovu ya sabuni, na kadi moja iwe katikati yenu. Mwenzio akae nyuma yake, kimya. Mtoto akinyoosha mkono kuelekea chupa, wa nyuma anauongoza uchukue kadi na kuiweka kiganjani mwako. Papo hapo sema "mapovu!" na upulize. Usimuulize "unataka nini?", wala usimwambie "nipe kadi". Ukiuliza kila mara, atajifunza kusubiri swali. Wa nyuma apunguze msaada kidogo kidogo hadi mtoto afanye mwenyewe, kisha wewe usogee mbali ili akufuate.

Zuhura_K: Mimi wangu ana miaka 7, anaongea sana ila ni kurudia maneno ya katuni. Nimnunulie kadi hizi?

Tabibu_Matamshi: Dada Zuhura, hilo ni suala jingine. Mara nyingi maneno ya kurudia yana maana kwake. Fungua mada yake, nitakuja.

MamaPili: Narudi na mrejesho. Kadi anatoa, tena ananifuata hadi jikoni! Ila nilipoweka kadi mbili anatoa yoyote, halafu anakasirika.

Tabibu_Matamshi: Hapo bado hasomi picha, anajua tu kwamba karatasi inaleta kitu. Weka kadi ya mapovu na ya kitu asichokitaka kabisa, kwa mfano soksi. Akitoa ya soksi, mpe soksi, bila kumgombeza. Akiikataa, mwonyeshe kadi sahihi, msaidie aitoe, mfanyisheni jambo jingine jepesi, kisha mpe nafasi tena. Badilisha pande kila mara, wengine huchukua ya kulia tu. Baadaye, zote mbili zikiwa za vitu anavyovipenda, shika vitu vyote viwili, mwambie "haya, chukua", uone kama anachukua kinacholingana na kadi aliyotoa. Asipolingana mara nyingi, alikuwa anabahatisha. Jaribu pia picha halisi ya chupa yenu badala ya mchoro.

MwalimuNeema: Tabibu, naheshimu, ila kadi zina kasoro yake. Nimepokea darasani watoto wanaoomba vitu vizuri sana na hawawezi kusema "basi", "sitaki" wala "nisaidie". Mimi naanza na ubao tangu mwanzo, na mtu mzima ndiye anayeutumia kwanza: ninaposema "tunasimama", nagusa picha ya "simama", bila kumdai mtoto ajibu. Anaona ukitumika kwa miezi kabla ya kugusa mwenyewe. Picha zisihamishwe nafasi, maana mkono unakumbuka mahali.

Tabibu_Matamshi: Kasoro hiyo ni ya kweli, watu wengi huishia kwenye kuomba. Ndiyo maana kadi ya "basi" nataka iingie mapema. Lakini kwa mtoto asiyetazama kabisa unachogusa, nimeona ubao ukikaa ukutani tu.

MwalimuNeema: Na mimi nimeona asiyetazama akiugusa siku moja ghafla. Hatutakubaliana leo.

BabaWawili: Kwa hiyo tableti je?

Tabibu_Matamshi: Sauti yake humfikia hata mtu aliyegeuka, hilo ni kubwa. Ila ifungwe isifungue katuni, na pawe na ubao wa karatasi wenye mpangilio uleule kwa siku chaji inapoisha. MamaPili, hiyo soksi ilikwendaje?

MamaPili: Aliitupa, akaniangalia, akarudi kuchukua ile nyingine. Kesho naongeza "basi".