Jumla kuu inakubali, VAT inagoma: ankara na leja za Agosti

MamaVitabu: Wadau, habari za jioni. Naandaa muhtasari wa VAT wa Agosti, ritani mwisho tarehe 20. Orodha ya ankara inanipa mauzo kabla ya kodi 23,000,000 na VAT 4,140,000. Leja inasema mauzo 23,180,000 na VAT 3,960,000. Hakuna mauzo ya msamaha, yote ni ya 18%. Nianzie wapi?

Kijana_wa_Kariakoo: Hapo kuna mzigo uliorudishwa na hati yake haijaingia upande mmoja. Yalinikuta mwaka jana.

Mzee_Leja: Mzigo uliorudishwa ungebadilisha jumla kuu. Hebu jumlisha: ankara 27,140,000, leja 27,140,000. Kwa hiyo si rahisi ankara kuwa imekosekana au kuingia mara mbili. Shilingi 180,000 za kodi zimekaa kwenye mauzo. Gawa kwa 0.18 upate 1,000,000. Tafuta ankara ya 1,180,000 iliyoingizwa yote kama mauzo.

dada_stoo: Mimi mashine ya EFD iliharibika katikati ya mwezi, ripoti ya Z ikapishana na daftari. Umeangalia mashine?

MamaVitabu: Dada, mashine iko sawa na ankara. Mzee, ankara ya 1,180,000 haipo kabisa.

Mzee_Leja: Basi zimegawanyika. Usitafute kwa macho. Weka akaunti ya VAT ya leja kwenye karatasi iitwayo Leja, namba ya ankara safu A, kodi safu D. Kwenye orodha yako, namba iwe A na kodi iwe E, kisha:

```
=E2-SUMIFS(Leja!D:D,Leja!A:A,A2)
```

Ishushe hadi chini. Penye sifuri pita. Angalia tu namba zisiwe na nafasi iliyojificha mwishoni, maana itakuonyesha ankara nzima kana kwamba haipo.

MamaVitabu: Nimezipata! Ankara mbili za mteja mmoja, kila moja 590,000, zimeingizwa kwa msimbo wa msamaha. Kodi 90,000 mara mbili. Mteja mwenyewe amesajiliwa kwenye programu kama asiyetozwa, na hilo silo kweli. Sasa Agosti bosi ameshaifunga.

Mzee_Leja: Rekebisha kwanza kadi ya mteja, la sivyo Septemba yatarudi yale yale. Ritani ipeleke na 4,140,000, ndiyo kodi iliyo kwenye ankara. Ingizo la marekebisho liweke Septemba, na kwenye ulinganisho wa Agosti andika namba za hizo ankara mbili.

Kijana_wa_Kariakoo: Hapana mkuu, mwambie bosi afungue Agosti. Septemba VAT ya leja itazidi ya ankara kwa 180,000, na atakayekuja kulinganisha baadaye atahangaika.

Mzee_Leja: Kufungua mwezi ambao bosi ameshasaini hesabu zake, mimi sifanyi. Ndiyo maana nikasema namba ziandikwe.

MamaVitabu: Bosi hataki kusikia neno kufungua. Nitamwuliza mkaguzi wetu kesho.