Shingo ya pikipiki: mlio wa "ko!" nikifunga breki, na usukani unakwama katikati. Nikaze tena au nibadilishe seti?

Mwendo_Pole:
Wakuu, naomba ushauri. Pikipiki ni ya cc 150, shingo yake ni ya gololi, breki ya mbele ni ya diski. Nikifunga breki ya mbele nilikuwa nasikia "ko!" na kishindo kinafika viganjani. Fundi akakaza nati ya shingo, mlio ukaisha. Sasa limezuka jingine: kwenye mwendo mdogo pikipiki inayumbayumba, na gurudumu la mbele likiwa hewani usukani ukifika katikati unatumbukia kama kwenye kijishimo na kutaka kubaki hapo. Nilegeze, nikaze zaidi, au seti imekwisha?

Kaka Spana:
Hizo ni gololi zimechakaa. Fungua, nunua gololi mpya, jaza grisi nzuri, funga. Koni na bakuli ni chuma kigumu, haviishi haraka hivyo. Usitupe hela kwenye seti nzima.

Fundi_Koni:
Kaka Spana, kwenye grisi nakubali, kwenye gololi hapana. Kinachoumia kwanza ni njia zinamopita gololi.

Mwendo_Pole, pikipiki hutumia muda mwingi sana ikienda moja kwa moja, kwa hiyo kila gololi inakaa palepale. Barabara inagonga, grisi inasukumwa pembeni, chuma kinabaki kwa chuma na kila gololi inajichimbia kitanda chake. Bakuli la chini huanza, kwa sababu ndilo linalopokea pigo la gurudumu na ndilo linaloingiwa na maji na vumbi. Ukiweka gololi mpya, zitakwenda kulala kwenye vitanda vilevile.

Ndiyo maana kukaza hakukusaidia. Katikati gololi ziko ndani ya vishimo; ukigeuza usukani zinapanda kwenye chuma ambacho hakijaliwa. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, pembeni panabana. Ukilegeza mpaka pembeni pawe huru, katikati panacheza na "ko!" inarudi. Shingo ikifikia hapo, hakuna kipimo cha nati kitakachoiponya.

Kuyumba nako kunatokana na hilo. Pikipiki husimama wima kwa masahihisho madogomadogo ya usukani, na kishimo kinayazuia: unasukuma, hauendi, halafu unaruka kupita ulipotaka. Usiendelee kuiendesha ikiwa imebanwa hivyo. Badilisha seti yote, koni na bakuli za juu na chini pamoja na gololi zake.

Dereva wa Nyuma:
Mimi usukani unagonga nikipita kwenye matuta, na gari lina pawa. Nati hiyo ya kukaza iko upande gani?

Fundi_Koni:
Ndugu, hapa tunazungumzia pikipiki. Kwenye gari angalia boljointi, tairodi na bushi za stabilaiza. Fungua uzi wako, huko utajibiwa vizuri zaidi.

Binti Fremu:
Mimi nilibadilisha seti yote na "ko!" ikabaki palepale. Kwangu ilikuwa bushi za shokapu. Mwenye uzi apime kwanza.

Fundi_Koni:
Dada amesema jambo la maana. Nyanyua pikipiki kwa kuegemeza chini ya injini, gurudumu la mbele liwe hewani. Shika shokapu zote mbili kwa chini, karibu na ekseli, uvute na kusukuma mbele na nyuma. Mwenzako aweke kidole pale fremu inapokutana na bamba la chini linaloshika shokapu. Kidole kikihisi mwendo hapo, ni shingo. Pakitulia na mchezo ukawa kati ya bomba na sehemu ya chini ya shokapu, ni bushi. Kaza ekseli kabla ya kupima, na utikise kalipa ya breki kwa mkono, maana pedi zilizolegea nazo hugonga mara moja unapofunga breki.

Mwendo_Pole:
Nimelegeza nati kidogo na kupima: mchezo uko shingoni, shokapu zimetulia. Nimefungua. Bakuli la chini lina alama zimepangana kama shanga, ukucha unakwama. La juu lina kivuli tu. Koni ya chini imegoma kutoka kwenye mhimili.

Fundi_Koni:
Basi jibu umelishika mkononi. Kabla hujatupa chochote, hesabu gololi za juu na za chini, kila kundi peke yake, na linganisha ukubwa. Idadi na ukubwa hutofautiana kwa pikipiki na pikipiki, na wakati mwingine juu na chini havifanani.

Koni ya chini ingize patasi nyembamba chini ya ukingo wake, ugonge kidogo upande huu kisha ule, ipande sawasawa. Ikigoma, isage upande mmoja karibu na mhimili bila kuugusa, kisha ipige patasi hapo. Chuma chake ni kigumu, kitapasuka. Chini yake kuna sili ya vumbi, weka mpya. Koni mpya ipashe kwenye mafuta ya moto, kama nyuzi 100, iteremke yenyewe. Ikibidi kugonga, tumia bomba linalokaa kwenye ukingo wa ndani. Pigo moja kwenye njia ya gololi na umeiharibu kabla ya kuanza safari.

Bakuli za fremu zitoe kwa chuma kirefu ukipitia upande wa pili, ukizungusha mapigo. Mpya ziweke kwenye friza kwanza, kisha zisukume kwa bakuli kuukuu ulilolikata mahali pamoja ili lisinase humo. Sauti ya nyundo ikibadilika na kuwa ngumu, limefika chini.

Panga gololi kwenye grisi isiyopenda maji. Nafasi inayobaki iwe ndogo kuliko gololi moja. Ikiwa inatosha moja, kuna iliyoanguka sakafuni. Usilazimishe ya ziada, zitasuguana na kunasa.

Kaka Spana:
Na nati unakaza kiasi gani? Wengi huharibu hapo.

Fundi_Koni:
Kitabu cha pikipiki kikitoa torki, fuata hicho. Kisipotoa, kaza nati ya meno kwa wastani, geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara tano ili gololi zikae, ilegeze, kisha irudishe hadi mchezo uishe tu. Boliti za bamba la juu zinazobana shokapu ziwe wazi wakati huo, la sivyo bamba halishuki. Kisha kaza nati kubwa ya juu na upime upya, kwa sababu nayo inasukuma ile ya chini na kuongeza mbano. Ikizidi, rudi nyuma kwa thumuni ya mzunguko. Ukiusukuma usukani kidogo kutoka katikati, uanguke wenyewe hadi mwisho. Ila hakikisha nyaya haziuvuti. Baada ya kilomita 500 hivi pima tena, bakuli mpya hujikalia.

Binti Fremu:
Kwa nini asiweke beringi za rola kabisa? Hazichimbi mapema kama gololi.

Kaka Spana:
Usukani unakuwa mzito. Kwa pikipiki ndogo mimi sioni faida.

Fundi_Koni:
Rola inagusa kwa mstari mzima, gololi kwa nukta, kwa hiyo Binti Fremu ana hoja. Uzito wa usukani mara nyingi ni mbano uliozidi. Ninachohofia mimi ni vipimo: kipenyo kinaweza kulingana na kimo kikakataa.

Mwendo_Pole:
Nimepata seti ya rola. Vipenyo vinaingia, ila kimo cha jumla kimezidi kile cha zamani kwa milimita 3.

Fundi_Koni:
Ipange bila grisi, weka bamba la juu, uone nati kubwa inashika nyuzi ngapi. Isipojaa nyuzi zake zote, rudisha dukani uchukue ya gololi.

Binti Fremu:
Au atafute rola yenye kimo kingine. Zipo za vimo tofauti.