Doa jekundu kwenye kope ya mtoto: nisubiri?

Mama Tunu (Kampemba)
Watanzania wenzangu wa Lubumbashi, shikamooni wakubwa. Mwanangu ana wiki 6. Alizaliwa na kidoa kilichopauka kwenye kope ya juu, jicho la kulia. Wiki ya 3 kikawa chekundu, sasa kimevimba kama stroberi na kope haifunguki yote. Zahanati wanasema kitaisha chenyewe. Nisubiri?

Baba Sele
Subiri tu, dada. Wangu alikuwa nalo mgongoni. Alipofika miaka 4 ilibaki ngozi iliyolegea kidogo, wala hatukupaka kitu.

Bibi Mwajuma
Mjukuu wangu ana mabaka ya bluu matakoni, mwalimu wa chekechea akauliza kama tunampiga! Ndiyo hayo hayo?

Nesi Rehema
Shikamoo Bibi. Hapana, hiyo ni rangi tu iliyo ndani ya ngozi, kwa wengi hufifia wakikaribia umri wa shule. Daktari ayaandike kwenye kadi yake, mwalimu aone.

Mama Tunu, Baba Sele amesema kweli, ila kwa mgongo. Uvimbe huu hukua mbio sana kati ya wiki ya 5 na ya 8, na huanza kunywea mtoto akishatimiza mwaka hivi. Miezi hiyo hiyo ndiyo jicho linajifunza kuona. Kope ikiliziba, au uvimbe ukilibonyeza mpaka umbo lake lipinde, jicho hilo huachwa nyuma, na doa likija kufutika huenda uoni usirudi. Nenda wiki hii kwa daktari wa watoto na wa macho. Hapa waambie "anjiome", watakuelewa.

Mama Tunu
Nimetoka huko. Daktari kaandika propranololi ya miezi 6. Si ya presha hiyo? Na famasia wana vidonge vya miligramu 40 tu. Nikate robo?

Nesi Rehema
Usikate! Mtoto wako ana kilo 4 na nusu. Kwa miligramu 2 kwa kila kilo, dozi yake ya kutwa ni 9, tena inagawanywa mara mbili. Robo ya kidonge ni 10, yaani umempa ya kutwa nzima na zaidi kwa mkupuo mmoja. Na kwa kawaida huanzwa chini ya hapo, moyo ukishapimwa. Mfamasia akutengenezee ya maji, upime kwa bomba la sindano. Mpe akiwa amenyonya. Siku anatapika au anakataa ziwa, ruka dozi umpigie daktari, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla. Kifua kikibana, vivyo hivyo.

Ndiyo, ni ya presha. Madaktari wa Bordo, Ufaransa, waliigundua kwa bahati, wakaandika 2008: walimpa mtoto kwa ajili ya moyo, uvimbe ukaanza kulainika.

Baba Sele
Miezi 6 ya dawa ya moyo kwa doa? Mimi nisingempa.

Mama Tunu
Wako lilikuwa mgongoni, kaka. Alhamisi tunapima moyo.