Swali la alama 10 kwa kitu nilichokifundisha kipindi kimoja: nifanyeje na matokeo?

BintiMalindi
Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Sayansi Jumuishi, Gredi ya 7, hapa Malindi. Nimesahihisha mtihani wa mada ya michanganyiko, alama 40, na darasa karibu lote limeanguka kwenye swali la kunereka. Nilipofungua rekodi yangu ya kazi nikaona aibu. Mada ilichukua vipindi 10: aina za michanganyiko 2, kuchuja 3, kuvukiza 3, kunereka 1, matumizi ya njia hizi nyumbani na kazini 1. Alama nilizotoa: aina 16, kuchuja 2, kuvukiza 12, kunereka 10, matumizi sifuri. Hicho kipindi cha kunereka chenyewe niliwaonyesha picha tu, vifaa hatuna. Nilifute lile swali? Na mtihani ujao niupange vipi?

FundiChaki
Mbona hesabu ni nyepesi, dada. Alama 40 kwa vipindi 10, kila kipindi kina alama 4. Aina 8, kuchuja 12, kuvukiza 12, kunereka 4, matumizi 4. Ukifuata hivyo hakuna atakayelalamika.

Mpwani77
Kwetu tunanunua mitihani iliyokwisha chapwa, na kila muhula unakuta swali la mada ambayo hatujaifika. Nilipeleka malalamiko kwa waliotuuzia, hawakujibu. Nyinyi mnanunua wapi?

BintiMalindi
Huu niliutunga mwenyewe, kaka. Kosa ni langu.

Mwl_Mstaafu
Mwanangu BintiMalindi, hesabu ya FundiChaki ianze nayo, lakini usiishie hapo. Alama 12 za kuvukiza ulizotoa zinalingana na vipindi vyako sawasawa. Hebu tuandikie maswali yenyewe.

BintiMalindi
Ni matatu, mwalimu, alama 4 kila moja. Yote yanaanza na "taja": taja vifaa vya kuvukizia, taja hatua, taja vitu vinavyopatikana kwa kuvukiza.

Mwl_Mstaafu
Nilidhani hivyo. Sasa soma tokeo la kujifunza uliloandika kwenye andalio la somo. Bila shaka linasema mwanafunzi aweze *kutenganisha*, siyo *kutaja*. Kitenzi cha swali kikiwa chepesi kuliko kitenzi cha tokeo, umefundisha jambo moja ukapima jingine, hata kama idadi ya alama imekaa sawa.

Chukua karatasi, upande wa kushoto andika matokeo yote matano pamoja na vitenzi vyake. Kisha pitia maswali moja moja, kila swali uliandike mbele ya tokeo lake. Swali lisilo na pa kukaa, litoe. Ukimaliza, rudi kwa upande wa pili: tokeo lililobaki tupu ndilo ulilolifundisha ukalisahau. Kwako ni matumizi, na kuchuja nako kumepewa alama 2 kwa vipindi 3.

Kwa kuchuja ningeuliza hivi: "Maji ya bahari yenye matope yamechujwa yakawa meupe. Je, yataonja chumvi? Eleza." Aliyeelewa atasema ndiyo, kwa sababu chumvi imeyeyuka na inapita kwenye karatasi ya kuchujia pamoja na maji. Aliyekariri atasema hapana. Lakini angalia: kama mfano huo huo ulishaujadili darasani, linageuka swali la kumbukumbu. Hapo tumia maji ya sukari yenye mchanga.

FundiChaki
Sawa mwalimu, hilo la kitenzi sikuliwaza. Lakini kushika karatasi ya kuchujia na faneli utakupimaje kwa kalamu?

Mwl_Mstaafu
Hukupimi kwa kalamu. Andika "vitendo" mbele ya tokeo hilo, umtazame mtoto akifanya.

MamaGongoni
Mimi ni mzazi, huku mashamba ya chumvi tunayaona kila siku. Mwanangu alilisomea hilo swali la kunereka na akalipata. Likifutwa, alama zake zinaenda wapi?

BintiMalindi
Ndilo linaloninyima usingizi, mama. Nikifuta, nitahesabu juu ya 30 badala ya 40. Aliyepata 26, kumi zote za kunereka zikiwamo, anabaki na 16 juu ya 30: kutoka asilimia 65 hadi 53.

FundiChaki
Basi liache kwa waliolipata, lifute kwa waliokosa.

Mwl_Mstaafu
Hapana, hapo utakuwa na mitihani miwili ndani ya darasa moja. Mimi ningelifuta kwa wote, na mtoto wa Mama Gongoni nimwandikie kwenye ripoti kwamba kunereka anakuweza. Najua wenzangu wengine wangeliacha kama lilivyo. Ila kunereka usikuondoe kwenye orodha yako, mwanangu. Kumo kwenye mtaala, kwa hiyo kufundishe upya muhula ujao: birika la maji ya chumvi likichemka, kifuniko baridi kwenye mvuke, bakuli la kukinga matone, wayaonje.

MamaGongoni
Ripoti haina asilimia, mwalimu. Bado sijaridhika.

BintiMalindi
Nimekusikia, mama. Birika ninalo. Jumatatu naanza na kunereka kabla sijarudisha karatasi, na la kufuta nitalipeleka kwanza kwa walimu wenzangu wa sayansi.